Ujumbe wa msiba kazini: kila sentensi ina mwenyewe

Jumatatu moja asubuhi, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa kwenye matatu Barabara ya Jogoo nikielekea kazini Industrial Area simu ilipoanza kulia bila kukoma. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alikuwa ameweka picha ya mwenzetu wa stoo, mshumaa kando yake, na maneno "Pumzika kwa amani kaka." Kufikia ninashuka, pole zilikuwa zimepita arobaini. Mmoja wetu, kwa moyo mwema kabisa, alimpigia mke wa marehemu kumfariji. Yule mama alikuwa ndani ya basi akirudi kutoka mashambani. Akauliza, "Pole ya nini?"

Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikiandika matangazo ya wafanyakazi. Nilichukua nusu saa kutafuta maneno mazuri huku habari yenyewe ikikimbia mbele yangu. Tangu siku hiyo nimeandika jumbe nyingi za msiba, na naona watu wa ofisi nyingi za Nairobi wakikwama palepale. Wanauliza kama waandike chanzo cha kifo, kama waweke namba ya mchango, kama waruhusu watu kwenda kuzika. Maswali haya yanaonekana mengi, lakini yanatokana na mkanganyiko mmoja, nao huanzia kwenye majina.

Tanzia ni habari ya kifo: fulani ametutoka. Rambirambi ni maneno ya pole kwa waliofiwa. Jirani zetu wa Tanzania huita rambirambi hata ile pesa ya kuwashika mkono wafiwa, lakini hapa Nairobi pesa hiyo tunaiita mchango. Halafu kuna taarifa ya mipango: mwili uko wapi, tunakutana wapi, tunazika lini, basi linaondoka saa ngapi. Ujumbe wa kazini hubeba yote matatu, na mwandishi huyasukuma kwa pumzi moja kana kwamba yote ni yake.

Ukienda matanga ukaangalia zile sufuria kubwa za kupikia, utaona kila moja ina alama chini. Moja ina herufi mbili za rangi nyekundu, nyingine ina jina la chama cha akina mama, nyingine imekwaruzwa kwa msumari. Zote zinapika chakula cha msiba mmoja, lakini kila moja ina mwenyewe, na hakuna anayeondoka na sufuria bila kutazama chini. Sentensi za ujumbe wa msiba ziko hivyo. Habari kwamba mtu amefariki ni ya familia. Chanzo cha kifo ni cha familia. Tarehe ya mazishi ni ya familia au kamati yao. Kazi aliyoifanya marehemu na namna tulivyoishi naye ni yetu wafanyakazi. Basi, ruhusa na zamu ni vya mwajiri. Kabla ya kuandika sentensi yoyote, itazame chini kwanza.

Nitaifuata safari ya msiba ule wa stoo, maana baada ya kosa la asubuhi tuliamua kuyatenda mengine yote kwa utaratibu.

Jambo la kwanza lilikuwa kuthibitisha. Meneja wa stoo na mwanamke mmoja aliyeijua familia walitumwa nyumbani kwao Umoja. Simu haitoshi kwa jambo hili, ukiwa na namna ya kufika. Walikwenda na maswali matatu. Je, wote wanaopaswa kujua kabla ya watu wa nje wameshajua? Nani atakuwa akizungumza kwa niaba ya familia? Na mmeturuhusu tuseme nini? Swali la kwanza lilituokoa tusirudie kosa la asubuhi. Marehemu alikuwa na watoto wawili shule ya bweni, na mjomba wao alikuwa njiani kuwachukua. Familia ikaomba tusubiri hadi saa 8 mchana. Kundi la WhatsApp lilikuwa limeshavuja, ndiyo, lakini tuliwasihi watu waondoe picha kwenye hali zao, na wengi wakaiondoa.

Saa 8 na robo ujumbe ulitoka kwa barua pepe, ukabandikwa mlangoni pa stoo na kusomwa kwa sauti kwenye zamu, kwa sababu wapakiaji hawana barua pepe ya kazini. Hili wengi hulisahau. Ujumbe "kwa wafanyakazi wote" unaopita kwenye kompyuta peke yake umewaacha nje walinzi, madereva na watu wa usafi, na mara nyingi hao ndio waliokunywa chai na marehemu kila siku. Ulisema hivi, nimeondoa majina tu:

"Wapendwa wenzetu, kwa huzuni tunawaarifu kwamba ndugu yetu Fulani wa stoo alitutoka usiku wa kuamkia leo. Tumezungumza na mke wake, naye ameturuhusu tuwaambie. Alikuwa nasi miaka kumi na mmoja. Namba za rafu zilizoandikwa kwa chaki nyeupe, ambazo sote tunazitumia kutafuta mzigo, ni mwandiko wake. Mama, watoto na ndugu zake, poleni sana. Tuko pamoja nanyi. Familia inakusanyika nyumbani Umoja na inaomba isipigiwe simu leo. Ukiwa na swali, muulize meneja wa stoo. Anayehitaji kuondoka zamu mapema leo azungumze na msimamizi wake. Tutawaandikia tena kesho saa 10 jioni (16:00), hata kama hakutakuwa na jipya."

Hakuna tarehe ya mazishi humo, hakuna chanzo cha kifo, hakuna mchango. Kuna sentensi moja juu ya marehemu ambayo haiwezi kuandikwa juu ya mtu mwingine yeyote. "Alikuwa mchapakazi na mwenye bidii" inaweza kubandikwa kwa kila aliyewahi kuajiriwa, na wafiwa wanalijua hilo. Mimi huenda kwa watu wawili waliokaa naye karibu na kuwauliza alikuwa akifanya nini ambacho sasa hakitafanyika. Jibu ndilo ninaloliandika.

Ile sentensi ya mwisho, kwamba tutaandika tena saa 10 jioni, ilifanya kazi kuliko zote. Watu wanaojua habari inakuja saa ngapi hupunguza kuulizana, na familia hupata kupumua.

Kuhusu chanzo cha kifo, wengi huamini kwamba kukinyamazia ni kualika uvumi. Nilivyoona mimi, uvumi haulishwi na kimya. Hulishwa na nusu ya habari. "Amefariki katika mazingira ya kutatanisha" inazaa hadithi kumi kabla ya chai ya saa 4. Familia ikitoa maneno yake, kama "baada ya kuugua kwa muda mfupi," yaandike yalivyo, usiongeze hospitali wala ugonjwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti, na ofisi mara nyingi inayajua mambo ya afya ya mtu kupitia bima na karatasi za likizo ya ugonjwa tu. Mlikabidhiwa kwa ajili ya matibabu, si kwa ajili ya tangazo. Tena huenda upasuaji wa maiti haujafanywa, na mnachodhani mnakijua kikaja kuwa sicho. Kama kifo kimetokea kazini, mwajiri anatakiwa kuwaarifu maafisa wa usalama na afya kazini ndani ya saa 24, na ujumbe kwa wafanyakazi useme tu kwamba tukio linachunguzwa. Maelezo ya nani alifanya nini yawekwe kwa wanaochunguza.

Maneno ya dua nayo yana mwenyewe. "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi" tumeizoea hadi tunaiandika bila kufikiri. Uliza dini ya familia, na madhehebu kama yana uzito kwao. Ukishindwa kujua, "poleni sana" inatosha, na haijawahi kumkwaza mfiwa.

Akiwa ni Mwislamu, ratiba yote hubadilika, na hapa ofisi nyingi huaibika. Maiti huzikwa haraka, mara nyingi siku ileile. Asiyezoea husubiri kutangaziwa wiki ijayo, akashtuka kusikia watu wametoka makaburini. Katika hali hiyo tanzia na mipango hutoka pamoja, ndani ya saa moja ikiwezekana, na ujumbe huwa mfupi: ataswaliwa msikiti gani, baada ya swala gani, atazikwa makaburi gani, kama ni Kariokor au Lang'ata. Hakuna siku ya kuutazama mwili, basi msiwaahidi watu kwamba itakuwepo.

Kwa mwenzetu wa stoo, mipango ilichukua siku kumi na mbili, kama ilivyo kawaida kwa Mkenya anayefia Nairobi na kuzikwa magharibi. Jumanne saa 10 jioni tuliandika kwamba mwili uko mochari, na mikutano ya maandalizi ni kila jioni nyumbani Umoja, pamoja na namba ya mchango. Basi. Kuna mfanyakazi aliyelalamika kwamba tumesema kidogo. Alikuwa amesikia kwa binamu wa marehemu kwamba mazishi ni Ijumaa, akataka tuitangaze.

Binamu si kamati. Tarehe na mahali pa kuzika ndipo familia hugonganika, na hilo halianzi leo. Wakili wa Nairobi S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika tarehe 23 Mei 1987. Miezi mitano. Fikiria mwajiri ambaye siku ya pili ameshatangaza mahali pa kuzika na kuchapisha jina la kijiji. Hajatoa habari tena, amechagua upande. Kwa hiyo subiri tamko la yule mtu mmoja mliyeelewana naye, na kama kuna mvutano, andika tu kwamba familia itatoa tarehe. Usiutaje mvutano.

Kweli, ile Ijumaa ya binamu haikuwa. Kaka wa marehemu alikuwa anasafiri kutoka nje ya nchi, na kamati ikasogeza mazishi hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani kwao Kakamega.

Taarifa za mipango hubadilika, ilhali simu ya mtu haifuti ujumbe wa zamani. Kwa hiyo kila taarifa yetu ilikuwa na namba, siku na saa juu kabisa: "Taarifa ya 3, Jumatano saa 10 jioni. Inachukua nafasi ya zilizotangulia." Ukiona watu wawili wanabishana kuhusu siku ya msiba, mara nyingi wote wana ujumbe wa kweli, ila wa siku tofauti.

Saa ndiyo iliyoniumiza zaidi, na nitaisema wazi. Katika msiba mwingine, kabla ya huu, niliandika "basi litaondoka saa 11 Ijumaa." Nilimaanisha alfajiri. Nairobi tunaishi na saa mbili kichwani: ile ya Kiswahili na ile ya kwenye simu. Mzee mmoja wa karakana, rafiki wa damu wa marehemu, alifika na begi lake saa 5 asubuhi, ambapo simu yake ilisoma 11:00. Basi lilikuwa na saa sita nzima tangu liondoke. Hakuzika rafiki yake. Tangu hapo sitaji saa bila kusema ni alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na naweka tarakimu za simu kando yake: saa 11 alfajiri (05:00).

Mahali nako kunahitaji zaidi ya jina la kijiji. Sema soko lililo karibu, shule ya msingi, na mahali pa kuacha lami. Vitambaa vyekundu vya magari ya msiba vitawaonyesha njia walio kwenye msafara, lakini anayekuja peke yake kwa matatu ataulizia shule.

Kisha basi lenyewe. Sisi tulipanga liondoke Ijumaa saa 3 usiku (21:00), lifike alfajiri, mazishi yaanze saa 4 asubuhi (10:00), na turudi tukiondoka saa 9 alasiri (15:00). Ukihesabu, kwenda na kurudi ni zaidi ya saa 14 za usukani ndani ya siku moja. Sheria ya Trafiki haimruhusu dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Kwa hiyo tulikodi basi lenye madereva wawili, na ujumbe ukasema hivyo, pamoja na idadi ya viti na siku ya mwisho ya kujiandikisha. Ofisi inayokodi basi la dereva mmoja kwa safari hiyo, ili kupunguza gharama, inacheza na maisha ya watu ambao bado wako hai. Swali la "madereva ni wangapi" liulizwe kabla ya swali la bei.

Sasa mchango. Imani iliyoenea ni kwamba menejimenti inaweza kutangaza "kila mmoja atakatwa shilingi 1,000 mwisho wa mwezi" kwa kuwa ni jambo jema. Wema haubadilishi sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu makato ya aina hii pale mfanyakazi mwenyewe anapoomba kwa maandishi, na mwajiri asiwe na faida yoyote ndani yake. Jumla ya makato yote, mikopo ya sako ikiwemo, isizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo ujumbe useme: anayetaka kuchanga kupitia mshahara ajaze fomu na kutia sahihi, anayetaka kutuma mwenyewe atume. Orodha ya majina na kiasi isibandikwe ukutani. Nimemwona mtu aliyetoa 200, zote alizokuwa nazo, akiinamisha kichwa mbele ya karatasi ile.

Namba ya kutumia ipatikane kwa mweka hazina wa familia moja kwa moja, isinakiliwe kutoka kwenye ujumbe uliosambazwa. Matapeli huchukua tangazo la kweli, wakabadilisha namba tu, wakalirusha tena. Dawa yake ni rahisi. M-PESA huonyesha jina la mpokeaji kabla hujakamilisha, kwa hiyo andika kwenye ujumbe jina litakalotokea, na uwaambie watu kwamba likitokea jingine wasiendelee. Sisi mchango uliingia kwenye Taarifa ya 2, siku moja baada ya pole. Pole na namba ya kutuma pesa zikikaa kwenye ujumbe mmoja, jicho linakwenda kwenye namba.

Kuhusu ruhusa ya kwenda kuzika, wengi hudhani ni haki iliyoandikwa kwenye Sheria ya Ajira. Sheria hiyo ina likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi na ya baba, lakini haina likizo ya msiba. Hiyo hutoka kwenye kanuni za kampuni au mkataba wa chama cha wafanyakazi, na nyingi huwataja jamaa wa karibu tu. Kumzika mwenzako wa kazi hakumo. Ndiyo sababu ujumbe lazima useme waziwazi: watakaosafiri wanahesabiwa wako kazini, au wanatumia siku za likizo yao? Tuliandika kwamba Ijumaa jioni na Jumamosi hazitakatwa kwa waliojiandikisha, na kwamba watu sita wa zamu ya Jumamosi watabaki, majina yao wakayachagua wenyewe. Sentensi hiyo ni ya mwajiri, na akiikwepa msimamizi wa zamu ndiye atakayeulizwa na watu 30 mlangoni.

Haki za marehemu, yaani mshahara uliobaki, siku za likizo na pensheni, zisitajwe kabisa kwenye ujumbe wa wote. Mjane aambiwe ana kwa ana, na aambiwe ukweli: barua ya chifu peke yake haitoshi. Mshahara na malipo ya likizo mwajiri huvilipa kwa mwakilishi wa kisheria, ndani ya siku 30 baada ya huyo kuthibitisha uwakilishi wake, na hati ya usimamizi wa mirathi huchukua muda. Ukiahidi mbele ya ofisi nzima kwamba "familia italipwa mara moja," jamaa wa mbali watasikia pia.

Jumatano baada ya mazishi tuliandika Taarifa ya 6, ya mwisho. Ilikuwa na maneno ya shukrani ya mjane kama alivyotutumia, bila kusahihishwa, na hesabu: michango kupitia ofisi shilingi 96,500, basi 52,000, zilizobaki 44,500 zilikabidhiwa kwa mweka hazina wa kamati, naye akatia sahihi. Siku hiyohiyo nilimwomba mtu wa kompyuta aondoe jina la marehemu kwenye orodha ya salamu za siku ya kuzaliwa, zinazojituma zenyewe kwa wafanyakazi wote kila asubuhi. Yake ilikuwa imebaki siku tisa.